Vimanda Viwili vya Kifaransa: Chembamba Laini na Kinene cha Povu

Kimanda chembamba cha Kifaransa huwa na rangi ya manjano tupu, bila doa la kahawia, na hukunjwa kikawa kirefu chenye ncha mbili zilizochongoka. Kikikatwa katikati, ndani yake hukutwa mayai mazito yenye unyevu, yaliyoganda nusu, ambayo hutaka kutiririka lakini hayatiririki. Kimanda kinene hutoka kwenye mayai yaleyale, siagi ileile na mara nyingi kikaango kilekile. Hata hivyo huinuka kufikia unene wa vidole viwili au vitatu, upande wake wa chini huwa wa dhahabu, na kikiingia mdomoni hunywea kwa sababu sehemu kubwa yake ni hewa.

Kinachovitenganisha ni wakati ambao mkono wa mpishi hufanya kazi. Kimanda chembamba hukorogwa kikiwa motoni, bila kupumzika, mpaka karibu na mwisho. Kinene hupigwa kwa nguvu bakulini kabla ya kuuona moto, na kikishamiminwa kikaangoni huachwa kitulie. Mpishi akiyachanganya hayo mawili, yaani akapiga povu kisha akalikoroga motoni, au akamimina mayai yasiyopigwa na kuyaacha yatulie, hupata kitu cha katikati ambacho si laini wala hakikuumuka.

Ili kuelewa kwa nini mkono una uzito kiasi hicho, inafaa kutazama yai lenyewe. Yai la kuku la ukubwa wa wastani, likishatolewa ganda, lina uzito wa gramu 50 hivi. Theluthi mbili ni ute na theluthi moja ni kiini. Ute ni maji kwa sehemu tisa katika kumi, na kilichobaki karibu chote ni protini. Kiini kina maji kiasi cha nusu, kisha mafuta mengi na protini. Protini hizo huelea ndani ya maji zikiwa zimejikunja kama mabonge madogo ya uzi. Joto huzikunjua, na zikishakunjuka hushikana na kufanya wavu unaoyafungia maji ndani yake. Huko ndiko kuganda kwa yai.

Ute peke yake huanza kuganda joto likifikia nyuzi 62 au 63 za Selsiasi. Kiini huanza kuwa kizito kwenye nyuzi 65 na hushika kabisa karibu na 70. Mayai yaliyochanganywa, ute na kiini pamoja, hushika kwenye nyuzi 73 hivi. Joto likiendelea kupanda, wavu wa protini hujikaza na kuyakamua maji nje. Ndipo yai huwa gumu kama mpira, na kidimbwi cha maji meupe huonekana sahanini. Kati ya yai ambalo bado ni uji na yai lililokauka, basi, kuna nyuzi chache tu za joto, na kikaango chenye siagi inayochemka kina joto kubwa kuliko zote hizo. Kila aina ya kimanda ina njia yake ya kuvuka hapo salama.

Auguste Escoffier, katika kitabu chake kikubwa cha upishi cha mwaka 1903, alikieleza kimanda cha kawaida cha Kifaransa kuwa ni mayai ya kuvuruga yaliyofungwa ndani ya ngozi ya yai lililoganda. Maelezo hayo yanafaa kushikwa kwa sababu yanaonyesha kazi ilivyo. Mpishi hakaangi shiti la yai na kulikunja. Hupika mayai ya kuvuruga, na katika sekunde za mwisho huyaacha kidogo ili chini yafanye ngozi nyembamba ya kuyabeba.

Mfano mzuri wa kuanzia ni mayai matatu katika kikaango chenye kitako cha sentimita 20. Kipimo hicho kina sababu. Mayai matatu ni kiasi cha mililita 145, na katika kitako hicho hufanya kina cha karibu nusu sentimita. Yakimiminwa kwenye kitako cha sentimita 26, kina hushuka chini ya milimita tatu, na mayai huganda yote kabla uma haujazunguka mara tano. Mayai ya kienyeji kwa kawaida ni madogo, kwa hiyo manne huweza kushika nafasi ya matatu ya kisasa. Kikaango kiwe kile kisichogandisha chakula, na kisiwe na mikwaruzo. Zamani wapishi wa Ufaransa walitumia vikaango vya chuma vilivyozoeshwa mafuta kwa miaka na kutengwa kwa ajili ya mayai peke yake. Chuma cha namna hiyo bado ni kizuri, lakini asiyekuwa nacho hana haja ya kukitafuta.

Mayai hupasuliwa bakulini, hutiwa chumvi nusu kijiko cha chai iliyopunguzwa kidogo, kisha hupigwa kwa uma kwa nusu dakika hivi, mpaka vipande vya ute visionekane vikining'inia uma unapoinuliwa. Ute uliobaki mzima huganda mapema kuliko vingine na kuacha madoa meupe kwenye kimanda. Kupiga zaidi ya hapo hakutakiwi, kwa kuwa povu huziba njia ya joto na kukifanya kimanda hiki kiwe na vitundu. Chumvi inaweza kutiwa robo saa kabla ya kupika. Wako wanaoamini kwamba chumvi ya mapema hukaza mayai, lakini mambo huwa kinyume: huzisaidia protini zisikamatane kwa nguvu mno, na mayai hutoka laini zaidi. Rangi yao hugeuka kidogo kuelekea machungwa, jambo lisilo na madhara yoyote.

Maziwa ni shauri la mpishi mwenyewe. Kijiko kimoja au viwili vya maji au maziwa huzitenganisha protini, huchelewesha kuganda na kuongeza ulaini kidogo. Zaidi ya hapo ladha ya yai hufifia na maji huanza kuvuja. Wapishi wengi wa Kifaransa hawatii kitu. Badala yake hukatakata siagi kidogo iliyo baridi, gramu kumi hivi, na kuichanganya kwenye mayai mabichi. Vipande hivyo huyeyuka polepole kikaangoni, hupoza mchanganyiko na kumwongezea mpishi sekunde chache za kufanya kazi. Kati ya mbinu zote za kumsaidia anayejifunza, hii ndiyo yenye faida kubwa.

Siagi ya kukaangia, gramu 15 au kijiko kimoja cha chakula, ndiyo kipimajoto cha kazi hii. Siagi si mafuta matupu. Ina maji kiasi cha sehemu moja katika sita. Ikiyeyuka kwenye moto wa wastani, maji hayo huanza kuchemka na kutoa povu jeupe lenye mlio wa kuchachatika. Baadaye maji huisha, povu hutulia na mlio hupungua. Hapo hapo, siagi ikiwa imenyamaza lakini bado ina rangi ya manjano, mayai humiminwa yote kwa mara moja. Povu likiwa bado jingi, kikaango hakijapata moto wa kutosha na mayai yatashika chini. Kukisikika harufu ya karanga na siagi ikaanza kuwa kahawia, joto limepita kiasi na ngozi ya kimanda itapata madoa. Dawa ni kufuta kikaango na kuanza na siagi nyingine, maana siagi iliyoungua haiponi.

Mayai yakishaingia, mkono mmoja husukasuka kikaango mbele na nyuma juu ya jiko, na mwingine hukoroga kwa uma au mwiko bapa, ukizunguka upesi na kufika kila pembe. Jacques Pépin, mpishi Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1935 na kufundisha Marekani kwa miongo mingi, hukoroga kwa upande wa nyuma wa uma, meno yakitazama juu ili yasikwaruze kikaango, na mikono yake miwili haisimami hata kidogo. Kinachotafutwa ni mabonge madogo, madogo kiasi kwamba macho hayayaoni vizuri. Kila safu ya yai inayoganda chini hung'olewa mara moja na kuchanganywa na yai bichi la juu, nalo huipoza. Kwa njia hiyo moto unaweza kuwa mkali wa kutosha bila sehemu yoyote kubaki chini muda wa kuweza kukauka.

Baada ya sekunde 30 au 40 mchanganyiko hubadilika. Mwanzoni uma ukipita, mayai huziba njia yake mara moja. Baadaye njia hubaki wazi kwa nukta moja, kitako cha kikaango kikaonekana, ndipo mayai yanapojirudisha taratibu. Hiyo ndiyo alama ya kuacha kukoroga. Mchanganyiko bado unaonekana mbichi kidogo, unang'aa, na anayejifunza hushawishika kungoja zaidi. Asingoje. Joto lililomo ndani ya mayai yenyewe litaendelea kuyapika wakati wa kukunja na hata yakiwa sahanini. Kimanda kinachoonekana kuwa tayari kikiwa kikaangoni kitakuwa kimekauka kikifika mezani.

Mayai husawazishwa kwa uma yafunike kitako chote, kingo husafishwa kwa kuyarudisha ndani mabaki yaliyopanda ukutani mwa kikaango, na kikaango huachwa motoni sekunde tano hadi kumi bila kuguswa. Huu ndio wakati wa kufanyika kwa ile ngozi ya Escoffier. Kisha kikaango huinamishwa mbele, na ukingo wa upande wa mpini hukunjwa kufikia katikati. Mpishi hupigapiga mpini karibu na kikaango kwa ngumi ya mkono mwingine, na mitikisiko hiyo hufanya ukingo wa mbele upande na kujipindua kuelekea ndani. Ambaye mkono wake haujazoea anaweza kuukunja ukingo huo kwa mwiko. Matokeo ni yaleyale. Mwisho, sahani huletwa karibu na mdomo wa kikaango, mpini hushikwa kwa kiganja kinachotazama juu, na kikaango hupinduliwa ili mshono ulale chini. Kitambaa safi au karatasi ya jikoni huweza kutumika kukibana kimanda kikapata umbo lake, na kipande cha siagi hupakwa juu ili king'ae. Tangu mayai yaingie kikaangoni mpaka kimanda kufika sahanini hazipiti dakika mbili.

Makosa ya kimanda chembamba husomeka kirahisi. Madoa ya kahawia yana maana kwamba siagi ilipita kiasi au kimanda kiliachwa muda mrefu wakati wa kufanya ngozi. Mikunjo na mabonge makubwa huonyesha mkono uliochoka mapema. Kikipasuka wakati wa kukunjwa, ama ngozi haikupewa zile sekunde chache, ama kikaango kilikuwa kikavu mahali fulani. Maji yakivuja sahanini, mayai yalipikwa kupita kiasi. Lakini ndani kukiwa na ute mbichi unaovutika, badala ya kitu kizito kama malai, kosa liko bakulini: mayai hayakuchanganywa vya kutosha tangu mwanzo.

Kimanda kinachojulikana zaidi Afrika Mashariki hukaangwa kwa mafuta ya moto mkali, pamoja na kitunguu, nyanya na pilipili hoho, mpaka kingo zikauke na kuwa kahawia. Ni kitamu kwa namna yake, na ukahawia wake ni sehemu ya utamu huo. Anayetoka kwenye mazoea hayo, hata hivyo, atalazimika kuacha mambo mawili ili apate kile cha Kifaransa: mafuta yanayofuka moshi na kungoja kingo. Jiko la mkaa nalo halipunguzwi kwa kuzungusha kitufe, hivyo kikaango hakina budi kuinuliwa juu ya makaa kwa sekunde mbili tatu kila mayai yanapokwenda mbio, huku mkono wa pili ukiendelea kukoroga. Wapishi wa hoteli kubwa hufanya vivyo hivyo wakiwa na majiko ya gesi.

Kimanda kinene kina mji wake nchini Ufaransa. Katika kisiwa cha Mont-Saint-Michel, pwani ya Normandia, Annette Poulard, aliyezaliwa mwaka 1851, alifungua nyumba ya wageni mwaka 1888 pamoja na mumewe. Wageni walifika wakiwa na njaa, mara nyingi kwa makundi, na mayai yalikuwa chakula kilichoweza kuandaliwa upesi kabla ya mlo wenyewe. Kimanda chake kilipata sifa nchi nzima, na watu walikisia siri nyingi: wengine walisema aliongeza malai, wengine kwamba alitenganisha ute na viini. Alipoulizwa kwa barua mwaka 1922, alijibu kwamba huvunja mayai mazuri, huyapiga sana, hutia siagi nzuri kikaangoni na kukitikisa bila kuacha. Alifariki mwaka 1931. Mpaka leo katika nyumba hiyo mayai hupigwa mbele ya wageni katika mabakuli makubwa ya shaba, kwa mapigo yanayosikika mpaka nje, kisha hupikwa juu ya moto wa kuni katika vikaango vya mipini mirefu. Kinachotoka ni kimanda cha dhahabu kwa nje chenye povu zito ndani, linalokaribia kumwagika kinapokunjwa.

Kupiga mayai mazima mpaka yaumuke kiasi hicho ni kazi ngumu, na sababu yake ni kiini. Povu hufanyika pale protini za ute zinapovutwa na kukunjuka kwenye ngozi ya kila kipovu cha hewa, zikashikana na kuizuia hewa isitoke. Mafuta ya kiini hugombania nafasi hiyo hiyo na kuivunja ngozi kabla haijakaza. Mayai mazima hupanda kwa shida, hupanda kidogo, na hushuka upesi. Kwa hiyo njia inayofaa zaidi nyumbani ni kutenganisha ute na viini, kuupiga ute peke yake, kisha kuvirudisha viini kwa upole. Ute uliopigwa vizuri hufikia mara sita hadi nane ya ujazo wake wa kwanza.

Mfano ni ule ule wa mayai matatu. Mayai yaliyotoka kwenye friji hutenganishika vizuri kwa sababu kiini baridi hakipasuki ovyo, lakini ute hupanda haraka zaidi ukiachwa upate joto la chumba. Kila ute udondoshewe kwanza kwenye kikombe kidogo kabla ya kuingia bakuli kubwa, kwani tone moja la kiini cha yai la tatu linaweza kuharibu kazi ya mayai mawili ya kwanza. Bakuli liwe la chuma au kioo. La plastiki huficha mafuta hata baada ya kuoshwa, na mafuta hayo hufanya kazi ileile mbaya ya kiini. Viini huwekwa pembeni na kuchanganywa na chumvi pamoja na kijiko cha maziwa au maji, mpaka viwe laini.

Ute hupigwa kwa mchapo wa waya au mashine. Kwanza hutoa mapovu makubwa kama ya sabuni, kisha mapovu hupungua ukubwa na kuwa meupe, halafu mchanganyiko huanza kushika alama za waya. Mchapo ukiinuliwa, kilele hubaki kimesimama na ncha yake huinama kidogo. Hapo inatosha. Mpishi akiendelea mpaka kilele kisimame wima kikiwa kikavu, protini hushikana kupita kiasi, povu huwa na chembechembe kama pamba iliyochambuka, na maji hukusanyika chini ya bakuli. Povu la namna hiyo halichanganyiki na viini wala halipandi motoni, kwa sababu kuta za vipovu vyake zimeshakaza na haziwezi kutanuka tena. Mabakuli ya shaba ya Mont-Saint-Michel yana msaada wa kweli hapa. Chembe chache sana za shaba huingia kwenye ute na kuzizuia protini zisikazane mno, jambo lililochunguzwa na Harold McGee na wenzake wakachapisha matokeo yao mwaka 1984. Asiye na shaba anaweza kutia nusu kijiko cha chai cha maji ya limau mapovu ya kwanza yanapotokea. Asidi yake hulinda povu kwa njia inayokaribiana na hiyo.

Kuchanganya povu na viini ndipo wengi hupoteza walichokipata. Kwanza theluthi ya povu hutiwa kwenye viini na kukorogwa bila woga, ili viini viwe vyepesi. Kisha viini hivyo humiminwa juu ya povu lililobaki, na mwiko bapa hushuka katikati mpaka chini, hupita kwenye kitako na kupanda ubavuni ukipindua mchanganyiko, huku bakuli likizungushwa kidogo kila mara. Mizunguko kumi na miwili au kumi na mitano hutosha. Mistari myeupe michache ikibaki haina neno, maana kuitafuta mpaka iishe ni kulimaliza povu.

Kikaango cha sentimita 20 huwekwa kwenye moto mdogo kuliko ule wa kimanda chembamba, siagi huyeyushwa, na povu lake likitulia mchanganyiko humiminwa na kusawazishwa kwa juu. Hapa ndipo uma unapowekwa chini. Hewa ni kizuizi kikubwa cha joto. Ndiyo maana kimanda hiki hupikika polepole, na moto mkali huunguza chini huku juu kukiwa bado kubichi. Kikaango hufunikwa kwa kifuniko chenye nafasi ya ndani, ili mvuke unaotoka kwenye mayai upike upande wa juu. Vipovu navyo hutanuka. Hewa pekee, ikitoka kwenye joto la chumba kufikia nyuzi 70, huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 15, na mvuke wa maji unaoingia ndani ya vipovu husukuma zaidi. Wakati huo huo protini huganda kuzunguka kila kipovu na kufanya kuta zinazosimama zenyewe.

Baada ya dakika tatu hadi nne kifuniko hufunuliwa kwa mara ya kwanza. Kufunua mapema huruhusu mvuke kutoka, na juu hubaki kubichi. Kimanda kilicho tayari kimepanda, sehemu ya juu haing'ai tena, na kikiguswa kwa kidole hurudi juu badala ya kubaki na shimo. Ukingo ukiinuliwa kwa mwiko, chini huonekana rangi ya dhahabu iliyosambaa sawasawa. Mstari usio na kina hukatwa katikati kwa kisu, kimanda hukunjwa kwenye mstari huo na kutelezeshwa sahanini. Mstari huo unastahili kukatwa kwa sababu kimanda kinene kikilazimishwa kujikunja hupasuka mgongoni.

Kosa linaloonekana zaidi ni tabaka la maji au yai lililoiva kama keki nzito chini ya povu. Hilo hutokana na mchanganyiko uliokaa bakulini kabla ya kupikwa, kwa kuwa povu huanza kuchuja maji tangu mchapo unapoachwa. Kikaango kinatakiwa kiwe tayari kabla ya kuchanganya. Kushuka kwa kimanda baada ya kutoka motoni ni jambo la kawaida, kwani hewa ikipoa husinyaa. Lakini kikishuka na kuwa bapa kabisa ndani ya dakika moja, hakikuiva katikati na kuta hazikuwa na nguvu. Katika kosa hili tofauti ya vimanda viwili hujionyesha wazi. Chembamba huharibika kwa kupikwa sekunde kumi za ziada, ilhali kinene huharibika kwa kutolewa mapema.

Tofauti hiyo ina uzito pia kwa afya. Mayai yanaweza kubeba bakteria wa salmonela, na joto la kuwaua kwa uhakika ni nyuzi 71 au zaidi, yaani karibu kabisa na kiwango cha kuganda kwa mayai yaliyochanganywa. Kimanda chembamba chenye ndani ya majimaji huenda kisifike huko. Watoto wadogo, wajawazito, wazee na wagonjwa wenye kinga dhaifu wasipewe. Kwao kimanda kinene ni chaguo bora, kwa sharti kwamba kipikwe mpaka katikati kishike, maana hewa hukiacha laini hata kikiwa kimeiva. Kile cha Mont-Saint-Michel, chenye povu linalotiririka, hakihesabiki hapo. Mayai yenye nyufa yasitumike kwa kimanda chochote kati ya hivi.

Vya kujaza ndani navyo hufuata maumbile ya kila kimoja. Chembamba hupokea majani mabichi yaliyokatwa laini, kama kitunguu majani, au jibini kidogo iliyoparuzwa, na hutiwa kabla ya kukunja. Uyoga, nyanya au mchicha lazima vipikwe kwanza mpaka maji yakauke. Kinene hakivumilii mzigo, hivyo jibini hunyunyizwa juu katika dakika ya mwisho na vitu vizito huwekwa pembeni mwa sahani. Kwa upande mwingine, hukubali sukari vizuri. Nchini Ufaransa hutiwa kijiko kimoja au viwili vya sukari kwenye viini, hupakwa jemu kabla ya kukunjwa na kuliwa mwisho wa mlo.

Wageni wakiwa wengi, kimanda chembamba hakiongezwi ukubwa. Mayai sita katika kikaango kimoja hayakorogeki sawasawa na ngozi haibebi uzito wake, kwa hiyo hupikwa kimoja kimoja, kila mtu chake, siagi mpya kila mara. Kinene huweza kukuzwa: mayai sita hutoshea kikaango cha sentimita 26 chenye mpini unaostahimili joto. Huanzishwa juu ya jiko kwa dakika mbili mpaka chini kushike, kisha huingizwa kwenye tanuri la nyuzi 180 kwa dakika sita hadi nane, na hukatwa vipande na kuliwa papo hapo.